Kilo Mia Sita za Magodoro

Mama Sponji hushona magodoro nyuma ya nyumba yake, na hujivunia kwamba mtoto anaweza kubeba godoro lake kichwani. Siku aliyomaliza kushona oda ya shule ya bweni, magodoro mia moja na hamsini, aliipigia simu kampuni ya usafirishaji kuomba makadirio ya bei. Alikuwa amejipanga: uzito kilo mia sita, njia ya darajani, tarehe Jumapili. Shule ingefunguliwa Jumatatu, na mkuu wa shule alikuwa ameshamwambia magodoro yasipofika Jumapili, atanunua kwingine.

"Kilo mia sita? Pikapu inatosha," alisema karani. "Mzigo gani?"

"Magodoro."

Karani akafuta alichokuwa ameandika.

"Mama, ungeanzia hapo. Magodoro hatuyahesabu kwa kilo, tunahesabu nafasi. Nipe urefu, upana na unene."

Alipewa. Akapiga hesabu na kusema linahitajika lori kubwa. Lakini lori kubwa haliruhusiwi darajani. Lingezunguka mlima na kufika Jumatatu jioni.

"Hamna lori dogo?"

"La tani tatu linapita. Ila litabeba nusu tu ya mzigo wako."

"Basi nitaukunja uwe nusu."

Karani, mtu mwenye adabu, alisema anasubiri picha.

Mama Sponji akamwita mumewe, fundi viatu mwenye mwili wa kutosha.

"Baba watoto, njoo ukae hapa."

"Nimekosa nini?"

"Kaa tu. Leo kitambi chako kina kazi."

Akakaa juu ya godoro. Mama Sponji akaliviringisha mbele yake, akimsukuma asogee kila hatua, hewa ikitoka kwa mlio uliomfanya mume aseme, "Si mimi." Akalifunga kamba, akapima, akapiga picha, mume akiwa pembeni, na kuituma.

Karani akapiga simu. "Hapa nimeelewa. Huyo mzee naye anasafiri?"

"Anabaki. Bado ana magodoro mia moja na arobaini na tisa."

Fundi viatu akaangalia pembeni.

"Lakini sikiliza, mwanangu," Mama Sponji aliendelea. "Sponji ikibanwa muda mrefu haijai tena vizuri. Mpakie Jumapili alfajiri, mshushe siku hiyohiyo. Liandike hilo kwenye makadirio. Nataka kuliona."

Makadirio yalikuja mchana: lori la tani tatu, magodoro yaliyoviringishwa, kilo mia sita, njia ya darajani, kupakia Jumapili alfajiri, kushusha siku hiyohiyo. Bei ilikuwa chini ya ile ya lori kubwa. Mama Sponji aliyasoma mara mbili, kisha akajibu kwamba amekubali.

Jumapili jioni mkuu wa shule alipiga simu. Magodoro yamefika, yamefunguliwa, yamejaa vizuri. Isipokuwa moja, lenye shimo katikati.

"La kwanza hilo," alisema Mama Sponji, akimtazama mumewe, aliyekuwa amelala chali sakafuni bila godoro. "Alikuwa bado hajajua kusogea."