Tepe za Bi Kipimo

Walimwita Bi Kipimo, na aliyembatiza jina hilo hakukusudia kumsifu hata kidogo. Kituo chao cha televisheni kilikuwa kidogo, ghorofa ya pili juu ya duka la vifaa vya umeme, watu kumi na wanne kwa jumla. Wenzake wote kumi na watatu walishaambiwa naye, "Hiyo imepinda." Saa ya ukutani imepinda. Tangazo la mlangoni limepinda. Kuna siku alimwambia msomaji habari kwamba tai yake imepinda, akamwambia kwenye kisikizi cha sikioni, jamaa yuko hewani! Maskini akashika shingo huku anasoma habari za mafuriko.

Ukali huo aliurithi kwa baba yake, aliyekuwa mwandika vibao vya maduka. Mzee yule alipiga mistari kwa uzi uliopakwa chaki, na herufi moja ikimkataa alifuta kibao kizima, mteja amesimama pale pale anahema. "Kisiposomwa na mtu anayepita mbio, nimeandika nini?" alifoka. Bintiye ndiye aliyeshika ncha ya pili ya uzi, tangu ana miaka saba.

Sasa alikuwa msanifu wa michoro ya kituo, kwa mkataba wa muda unaokwisha mwisho wa mwezi. Mkurugenzi, mama asiye na maneno mengi, alimwita akamwambia, "Ijumaa saa tisa alasiri nataka kuona taarifa ya habari nzima kwa sura mpya. Ikikaa sawa, nakuajiri moja kwa moja. Isipokaa, kazi nawapa watu wa nje."

Wiki tatu hakuinua kichwa. Alianza na tepe, yaani ule ukanda unaoingia chini ya skrini na jina la anayezungumza. Zamani kila kipindi kilikuwa na tepe zake, huku kijani, kule zambarau, herufi zinazunguka na kumeremeta, balaa tupu. Yeye alichagua fonti moja, mtindo mmoja wa herufi: jina kwa herufi nene, kazi ya mtu kwa herufi nyembamba chini yake. Rangi mbili basi, samawati iliyokolea na rangi ya chungwa, kila moja imeandikiwa nambari yake ili asije mtu akaikisia kwa macho. Utepe uliteleza kutoka kushoto kwa nusu sekunde, ukatulia sekunde tano, ukarudi ulikotoka. Urefu wake aliupima kwa jina refu kuliko yote aliyoyakuta kwenye kumbukumbu za kituo. Kisha utangulizi wa nembo, sekunde nne tu: duara linajichora, jina la kituo linapanda chini yake, kwisha.

Kazi ya kujaza majina ilikuwa ya Mkongwe, mhariri wa video aliyefanya kazi hapo miaka kumi na tisa, mtu wa tangu enzi za kanda. Alhamisi jioni Bi Kipimo alimhamishia faili kwenye kompyuta yake kwa flashi.

"Fungua, andika jina, andika kazi, toa video. Usiguse kingine. Umenielewa, mzee? Usiguse!"

"Nimekuelewa, binti yangu," Mkongwe akajibu taratibu.

Ijumaa saa tisa wakakaa chumba cha mikutano. Taa zikazimwa. Duara likajichora vizuri, na Bi Kipimo akaanza kutabasamu. Kisha jina la kituo likapanda kwa herufi asizozijua, nene, zimebanana, ya mwisho imegusa ukingo wa skrini. Lahaula! Akaingia daktari, utepe wake wa njano. Akaingia mwalimu, utepe mwekundu. Akaingia mkulima mwenye jina refu, na jina lenyewe limeminywa hadi herufi zimekuwa vijiti.

"Zima!" Alikuwa ameshasimama. "Nani kakwambia njano? Nyekundu umeitoa wapi, mzee, nyumbani kwako?"

"Binti, ngoja, kile kisanduku..."

"Usiniite binti! Wiki tatu nimekesha na kitu hiki! Umefanya makusudi. Tangu mwanzo hukukitaka, sema ukweli mbele ya watu!"

Mkongwe akarudi nyuma hatua moja. Uso ulimshuka, akawa anatazama viatu vyake. Mkurugenzi akawasha taa mwenyewe.

"Habari ni saa kumi na mbili," alisema. "Nawapa saa moja. Nikirudi nataka sura iliyonyooka, na nataka kujua nani kaharibu."

Bi Kipimo aliingia chumba cha uhariri anahema, Mkongwe nyuma yake. Alitaka ushahidi. Angefungua faili lile la awali la Alhamisi, aliweke kando ya uchafu wa Mkongwe, amwite mkurugenzi aone kwa macho yake. Akakaa kwenye kiti cha mzee, akalifungua.

Kisanduku cha onyo kikaruka katikati ya skrini. Fonti uliyotumia haimo kwenye kompyuta hii, kilisema. Itawekwa nyingine badala yake.

Akakisoma mara mbili. Akabonyeza sawa, na tepe zake zote zikavaa herufi zile zile nene za kigeni mbele ya macho yake, majina yakamwagika nje ya ukanda.

Fonti aliiweka kwenye kompyuta yake mwenyewe, peke yake, wiki mbili nyuma. Hakuipeleka kwa mtu. Hata jina la kituo kwenye nembo aliliacha kama maandishi ya kawaida, hakuligeuza kuwa mchoro usiobadilika, kosa ambalo mwingine angelifanya, angemtoa machozi.

"Herufi zilikuwa pana," Mkongwe alisema, bado amesimama. "Nikaziminya zitoshe. Na nyeupe kwenye chungwa, zilipominywa zilipotea kabisa, ndiyo nikajaribu njano na nyeusi. Kwa mwalimu njano haikupendeza, nikajaribu nyekundu."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nikuulize wewe?" Sasa na yeye sauti ilipanda, kwa mara ya kwanza. "Mara ya mwisho nilikuuliza, ukanijibu chumba kizima kinasikia, 'Mzee, soma kabla ya kuuliza!' Basi nimesoma. Niko hapa tangu saa kumi na moja alfajiri, nabana jina moja moja!"

Bi Kipimo akainuka, akaenda kwenye kompyuta yake. Alileta fonti, akaiweka. Akageuza herufi za nembo kuwa mchoro. Tepe zikarudi mahali pake, samawati na chungwa, mkulima na jina lake refu wakatosha bila kuminywa. Dakika kumi na mbili, shughuli imekwisha.

Mkurugenzi akarudi, akaangalia yote. "Imependeza. Haya, nani?"

Mkongwe alikuwa anafuta kibodi isiyo na vumbi. Angenyamaza tu Bi Kipimo, lawama ingebaki ilipokuwa.

"Mimi," alisema. "Fonti niliiweka kwangu, nikasahau wenzangu. Yeye alikuwa ananiokoa."

"Basi sikuajiri leo. Miezi mitatu tena ya mkataba wa muda, ndipo tuzungumze."

Bi Kipimo alirudi nyumbani amefura, na ungemuuliza amemkasirikia nani, angekupa orodha, jina lake mwenyewe likiwa la kwanza kwa herufi nene.

Jumatatu asubuhi Mkongwe aliita kutoka kwenye kona yake, "Bi Kipimo. Kisanduku kingine kimetokea."

Jibu kali lilikuwa tayari ulimini. Akageuka alitoe, akamwona. Mzee alikuwa amesogeza kiti nyuma, mikono kaiinua mbali na kibodi, mabega yamepanda hadi masikioni, anangoja kufokewa.

"Usibonyeze kitu, mzee," alisema, akavuta kiti chake hadi pale. "Tusome wote."