Themanini ya Loisi

Mwalimu Yoramu wa Gulwe hakuwa mtu wa kusomewa kitu. Barua za kijiji kizima alisoma yeye, za mashtaka na za mapenzi, na ukimkosoa nukta ulijuta. Kwa hiyo mwaka 1993, binti yake Loisi alipopimwa masikio na wataalamu waliopita hospitali ya Dodoma mara moja, na muuguzi akasema grafu inabaki kwenye daftari lao, warudi baada ya wiki wakasomewe majibu, Yoramu alichukia. Wiki nzima! Kwani yeye hana macho? Alimwita mpiga picha wa pale getini, daftari likafunguliwa, grafu ikapigwa picha, naye hakurudi tena.

Picha ilipotoka aliisoma kama mwalimu anavyosoma. Pembeni tarakimu, sifuri hadi mia na ushei. Viduara ni sikio la kulia, misalaba ni la kushoto. Misalaba yote ilikuwa kwenye themanini. Themanini! Hata yeye hakuwahi kupata themanini. Viduara vilianzia kumi na tano vikaishia sitini.

"La kushoto limefaulu vizuri," alimwambia mkewe. "La kulia lilianza vibaya, lakini linajitahidi."

Jamani, kujua kusoma nako kuna mitego yake. Kesho yake alimhamishia Loisi dawati la mbele kabisa, kulia, karibu na ukuta, ili sikio la kushoto, lile la themanini, liwaelekee walimu. La kulia likabaki na ukuta. Akakaa hapo miaka mitatu, mpaka mtihani wa darasa la saba. Alifeli. Kwa hasira Yoramu hakula siku mbili. Mtoto anasikia, maana ukimwita kwa sauti nzito anageuka, sasa uzembe huu kautoa wapi?

Mama Loisi ndiye aliyeshikilia warudi hospitali. Wakapanda treni, mtu na bintiye, picha ikiwa ndani ya Biblia isikunjike.

Safari hii walimkuta Sista Stara, mama mnene wa Dodoma mjini, mcheshi, aliyesomea mambo ya masikio. Loisi alimwamkia shikamoo, yeye akaitikia huku anaikagua picha dirishani. Kisha akauliza mtoto alikuwa anakaa upande gani darasani. Yoramu akaeleza yote, tena kwa madaha. Ucheshi wa Sista ukamwishia palepale.

"Mwalimu, hizi si maksi."

"Si maksi?"

"Hii namba ni nguvu ya sauti. Tunaanza na sauti ndogo kabisa, tunaongeza, tunaongeza, mpaka asikie. Kwenye kumi na tano amesikia sauti ndogo, kama mnong'ono. Themanini ni mpaka upige kelele. Ndiyo maana sifuri iko juu. Mstari ukishuka, usikivu umeshuka. Hili la kushoto halisikii maongezi. Mtoto anaishi kwa hili la kulia."

"Lakini la kulia linapanda, mpaka sitini..."

"Linashuka, baba. Huku kushoto kwa karatasi ni sauti nzito, ngoma, ngurumo, wewe ukiongea. Hizo anazipata. Kulia ni sauti nyembamba, kama ndege. Sasa herufi kama s na f ziko huku kwenye wembamba. Hizo zinampita. Ngoja uone."

Sista akajifunika mdomo kwa faili, akasimama upande wa kushoto wa Loisi. "Lete kisu." Loisi alikuwa anaangalia dirisha, hata hakutikisika. Akahamia upande wa kulia, akarudia maneno yaleyale kwa sauti ileile.

Loisi akageuka kwa adabu. "Kitu gani?"

Yoramu akalirudia jibu hilo kimoyomoyo. Kitu gani! Mara ngapi ameagiza kisu nyumbani kwake akajibiwa hivyohivyo, naye akaona anafanyiwa kiburi na mtoto aliyemzaa? Mara ngapi mkono wake umetangulia? Na mara zote Loisi alikuwa anauliza tu, kwa sababu alisikia 'kitu', si 'kisu'.

"Anaweza kurudia darasa la saba?" aliuliza.

"Hilo la kwenu walimu," alisema Sista, na Yoramu alilijua jibu kuliko yeye: darasa la saba halirudiwi. "Kifaa tutamwombea, siwezi kuahidi lini. Kwa sasa kaa kulia kwake, muangaliane, usipige kelele. Tamka taratibu."

Nje, kwenye benchi la wagonjwa, Yoramu alikwenda kukaa kulia kwa binti yake. Alitaka kuomba radhi, lakini mwalimu ni mwalimu, kikatoka kwanza kile kisichofaa.

"Loisi, mama. Kwa nini hukusema kwamba unasikia kwa huku?"

Loisi alimtazama midomo mpaka akamaliza. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Nilisema, baba. Siku ile uliponihamisha. Ukanionyesha picha, ukasema mimi sijui kusoma."