Pengo la Dakika ya Kumi na Nne

Ukungu ukishuka Boito, majani chai hupotea yote, na kibanda cha Chepkirui hubaki kikielea peke yake. Yeye huwa ndani, amevaa visikizi, macho ameyafumba. Ndiyo kazi yake. Mhadhiri akirekodi somo kwa video bila kuliandika, wanafunzi humletea, naye hulisikiliza na kuliandika neno kwa neno, mpaka sauti ya mtu asiyemjua imwingie kama usingizi mtamu. Juu ya ukurasa huweka tarehe ya somo na tarehe aliyoandika. Asiposikia, huacha pengo, huandika dakika yake, na huko chini: mwanafunzi ahakikishe.

Video ya Joan, binti wa jirani anayesomea mifugo, ilikuwa ya ugonjwa wa kiwele. Joan aliihitaji haraka, kwa kuwa ng'ombe wa mama yake alikuwa amedungwa dawa ya ugonjwa huo huo, na mjukuu wa mama huyo angeletwa Jumapili kuonjeshwa mursik, maziwa yanayogandishwa kibuyuni.

Mhadhiri alieleza vizuri, akafika penye dawa. "Baada ya kumdunga ng'ombe, maziwa yasitumiwe kwa siku..." Mvua ikapiga mabati ya darasa, naye akageukia ubao. Chepkirui alirudisha nyuma, akarudisha tena. Mvua tu, mvua nzuri ya kulalia.

Vidole vikaandika "tatu". Boito nzima husema tatu. Hata marehemu mamake alisema tatu, na kwa nukta moja alimwona, amesimama kwenye ukungu na ndoo yake. Alitamani sana kumwamini. Lakini mamake hakuwa kwenye video. Akafuta, akaandika: *Pengo, dakika ya 14. Siku ngapi? Mvua. Muulize mhadhiri.*

Joan aliposoma alinuna.

"Aki anti, si ungejaza tu? Kila mtu anajua ni tatu."

"Mimi naandika chenye nimesikia. Hicho sikusikia. Piga simu."

Joan akapiga palepale, uso umekunjwa. Chepkirui aliona mikunjo ikiachia, kisha uso wote ukipauka.

"Amesema hakuna hesabu moja. Kila dawa na lebo yake. Yetu ni saba." Alihesabu kwa vidole. "Anti, leo ni siku ya tano tangu adungwe. Mama ameshajaza kibuyu jana."

Alikimbia bila kuaga. Ukungu ukammeza mlangoni, na Chepkirui akabaki na hofu ambayo hakuwa na mahali pa kuiweka.

Jumapili alikwenda kwa jirani. Mama Joan alikuwa amempakata mjukuu, akamkaribisha kwa uso mkavu.

"Nimemwaga kibuyu kizima," alisema. "Maziwa ilikuwa imekataa kuganda, nikadhani ni kibuyu kibaya, kumbe ni dawa. Nilikuwa nimpe hivyo hivyo."

Akamtazama mtoto, kisha Chepkirui. Hakusema asante. Alimnyanyua yule mtoto, mzito na mwenye usingizi, akamweka mapajani mwa mgeni.