Muhtasari wa Jumapili

Kengele alipewa jina hilo shuleni kwa sababu ndiye aliyepiga kengele, na hadi leo hajaacha kuwaamsha watu. Siku za kazi anauza misumari na rangi katika duka la vifaa vya ujenzi. Jumapili ni admini wa kundi la WhatsApp la waliomaliza naye sekondari. Kundi hilo lina kelele kuliko soko. Ukienda kunywa chai tu, unarudi unakuta meseji mia tatu, nyingi zikiwa vichekesho vya mwaka juzi. Ndipo akabuni muhtasari: anapitia yote ya wiki, anaorodhesha misiba, harusi na kazi mpya, anaubandika juu kwa siku saba. Watu wakammwagia sifa, naye alizipenda, tusidanganyane.

Jumapili hiyo aliandika: "Hongera Sindano kwa kufungua duka la ushonaji, nyuma ya kituo cha mafuta." Rafiki mmoja alikuwa ameweka picha ya duka katikati ya wiki, ikazama chini ya vichekesho. Kengele akaiibua, akabandika, akaenda kula.

Aliporudi, alama za dole gumba zilikuwa zimemiminika. Moja ilitoka kwa Beki, mume wa Sindano. Tangu amvunje mkewe taya na mkewe kumkimbia, Beki hakuwahi kutia neno; wote walisahau kwamba bado yumo kundini. Mambo ya kuperuzi hakuyaweza. Kilichobandikwa juu alikisoma.

Kengele akakimbilia kuurekebisha. Muda wa kuhariri ulishapita, akaufuta muhtasari kwa wote, lakini aliyesoma ameshasoma. Simu ya Sindano iliita bila kupokelewa. Akadandia pikipiki.

Mlango wa duka ulikuwa umeng'oka bawaba. Beki alikuwa amemshika Sindano nywele, anamgonga uso kwenye meza ya cherehani, pu, pu, na nguo ya harusi aliyokuwa akiishona imelowa damu.

"Ulidhani sitakupata?"

Kengele akamrukia. Pasi aliyorushiwa ikampasua juu ya jicho. Akaokota kigoda, akampiga Beki goti mpaka likalia, akaendelea kumpiga hata alipokwisha kuanguka, akilia na kutukana, mpaka wauza mafuta walipokuja kumvuta.

Hospitalini, Kengele alimkuta dada yake Sindano amesimama mlangoni mwa wodi.

"Anaendeleaje, dada?"

"Jicho moja halioni. Anauliza nani aliandika."

"Mimi."

Dada akamtazama bandeji, akatazama damu iliyokauka shingoni.

"Najua ulimwokoa, kaka. Pole. Akipona tutamhamisha."

"Mnampeleka wapi? Nije nisaidie kubeba vitu."

"Hapana," dada akasema taratibu. "Wewe hutaambiwa."

Akaingia ndani, akafunga mlango.