Faili Tatu za Ratiba ya Mama

Tulipoenda saiba, duka la kompyuta pale Keroka, kuchapisha ratiba ya mazishi ya mama, flashi ya kaka yangu ilikuwa na faili tatu: Final, Final 2 na Final Kabisa. Kila moja familia iliwahi kuipitisha. Dada wa saiba alitazama tarehe, akasema iliyoseviwa karibuni zaidi ni Final, basi achapishe hiyo.

Nikamwambia angoje kidogo. Jana yake baba alikuwa ametaka mtoto wao wa kwanza, aliyekufa akiwa bado ananyonya, atajwe pamoja nasi, na ni mimi niliyemwandika. Tukafungua Final. Mtoto hakuwemo. Ila picha ilikuwa mpya, ile ya mama akicheka katikati ya majani chai.

Kaka akakohoa. Asubuhi alikuwa amefungua faili ya kwanza aliyoiona, akabadilisha picha, akasevu. Ndiyo maana tarehe ilikuwa ya leo na maneno ya juzi. Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nilipoona macho yake yalivyovimba, nikayameza.

Kwenye Final Kabisa mtoto alikuwepo, juu ya jina langu. Dada wa saiba akahamishia picha mpya humo, tukasoma kila mstari kwa sauti, kisha akauliza aisevu kwa jina gani.

“Final…” kaka akaanza.

“Hapana,” nikasema. “Andika tarehe aliyofariki mama. Hiyo haitabadilika tena.”