Bakuli juu ya Beringi

Mkwe wangu, baba wa mke wangu, alikuwa mtu wa milimani, na mtu wa milimani haoni maji yakimwagika bure akanyamaza. Kule kwao Uluguru maji yalishushwa kwa mifereji hadi kwenye viunga vya mboga, na mtu aliyeyaacha yapotee njiani alisemwa kijiji kizima. Tabia hiyo aliibeba mpaka bondeni, kwenye shamba la mkonge upande wa Kingolwira, na karibu imtoe ngozi ya mgongo.

Hayo ni mambo ya wakati wa Mjerumani. Mimi nilikuwa fundi wa mitambo pale shambani, kijana bado, mwenye kiburi cha mtu aliyejifunza kazi kwenye karakana ya reli. Mkwe alikuwa mlinzi wa pampu kando ya mto Ngerengere. Pampu ile ilizungushwa na injini ya mvuke, shafti kwa shafti, na ilipandisha maji hadi kwenye tangi la bati lililokaa juu ya kilima, nyuma ya kiwanda. Kutoka tangini maji yalishuka kuosha katani. Tangi likikauka, kiwanda kinasimama, na kiwanda kikisimama bwana mkubwa wa shamba anageuka simba.

Aliyetia kuni kwenye boila alikuwa Mnyamwezi mmoja mrefu, mtani wa mkwe wangu. Wale wawili walitukanana tangu jua linapochomoza. Huyu akimwita mwenzake mtumwa wake aliyemtoroka, yule anamjibu kwamba hajawahi kununua kitu kibovu kama yeye. Siku moja wasipotukanana tulijua mmoja wao ni mgonjwa.

Mimi sikuwa na ruhusa hiyo. Mkwe ni mkwe. Nilimwamkia shikamoo nikiwa nimeinama, nikasimama mbali kidogo, sikula naye sinia moja, na sikuthubutu kumsahihisha hata akisema jua linachomozea Kisaki, kusini kwetu. Nilimpenda sana mzee yule, na nadhani naye alinipenda, lakini mapenzi yetu yote yalipitia kwa mke wangu, kama maji ndani ya bomba.

Basi, beringi ya pampu ikaungua. Beringi zetu zilikuwa vikombe vya chuma vilivyomiminiwa ndani madini meupe laini, na shafti ilizunguka humo juu ya utando wa mafuta. Iliyoungua ilikuwa ile iliyo karibu na tumbo la pampu, kwenye gurudumu la mapanga linalosukuma maji. Madini yaliyeyuka, na pampu ikatetemeka hadi nati za boliti zikafunguka zenyewe. Bwana mkubwa hakuuliza mara mbili.

"Huyu mzee hatii mafuta," alisema.

Nilimimina madini mapya, nikaikwangua beringi mpaka shafti ikakaa vizuri, na tangu siku hiyo mafuta nikawa natia mwenyewe, asubuhi na mchana. Haikuchukua muda, ikaungua tena, ileile. Bwana mkubwa akaja na kiboko mkononi. Alisema mbele yetu sote kwamba ikiungua mara ya tatu, mlinzi wa pampu atalazwa chini apigwe hamsa ishirini, kisha afukuzwe shambani. Mke wangu alipopata habari hakulia. Aliniangalia tu, akasema, "Wewe si ndiye fundi?"

Swali hilo liliniuma kuliko kiboko. Mzee wa umri wake, fimbo ishirini na tano angezifia palepale.

Nikaanza upya, na safari hii sikuanza na mafuta. Niliikumbuka karakana, alivyokuwa akituambia fundi mkuu wetu: chuma kinachotetemeka kina sababu tatu kubwa, nawe usikisie, kiulize chenyewe.

Kwanza nilishuku gurudumu limeelemea upande. Nikalitoa pamoja na shafti yake, nikalilaza juu ya reli mbili fupi zilizonyooka, nikalisukuma kwa kidole. Gurudumu lenye upande mzito hurudi na kulala na uzito wake chini, kila mara palepale. Letu lilisimama popote lilipotaka. Tena beringi yenyewe ilikuwa shahidi: gurudumu lililoelemea huzunguka na uzito wake, kwa hiyo hula kikombe pande zote. Kikombe chetu kililiwa upande mmoja tu.

Pili nilishuku shafti mbili, ya injini na ya pampu, hazitazamani sawasawa pale zinapoungana. Hapo nilikuwa mjanja. Injini ya mvuke ikipata moto hukua na kujiinua kidogo, kwa hiyo ukiipima asubuhi ikiwa baridi unajidanganya. Niliiacha ifanye kazi hadi ikapata moto sawasawa, nikaisimamisha, nikaweka rula ya chuma juu ya maungio, pande zote nne, nikiingiza vipande vya karatasi nyembamba kuona kama kuna mwanya. Hapakuwa na mwanya wa kusema. Ngozi za kwenye maungio, zinazozishika shafti pamoja, zilikuwa nzima, hazijatafunwa. Na shafti zilizopishana hula beringi kwenye ncha, huku juu na kule chini, nazo huanza na beringi iliyo jirani na maungio. Yetu ililiwa urefu wake wote, upande uleule, nayo ilikuwa mbali na maungio.

Nilikaa chini nikashika tama. Mtani akanicheka kutoka kwenye boila yake.

"Fundi wa reli! Mwite mganga!"

Sikumwita mganga. Nilichukua bakuli la udongo la uji, nikalijaza maji, nikaliweka juu ya kifuniko cha beringi. Asubuhi maji yalitulia, yakacheza pembeni kidogo tu. Nikaenda kiwandani. Niliporudi jua limepanda, maji yalikuwa yanaruka nje ya bakuli. Injini ilikuwa na mwendo uleule, nikiuhesabu kwa vidole. Mafuta yalikuwepo. Nikaweka mkono juu ya tumbo la pampu, na lilikuwa la moto. Pampu inayopitisha maji ya mto inapaswa kuwa baridi kama mto wenyewe. Nikatega sikio: ndani mlisikika kama changarawe zinatikiswa kwenye kibuyu.

Nikaitazama vali ya bomba la kupandishia. Mkwe wangu alikuwa amesimama hapo, ametulia, mkono wake umeshika usukani wa vali kwa upole kama ameshika kichwa cha mjukuu. Alikuwa ameifunga karibu yote.

Nikaelewa yote kwa mara moja. Tangi likijaa, maji ya ziada yalifurika na kuteremka kilimani bure. Injini isingeweza kusimamishwa kila mara, kwa sababu kiwanda kilikuwa kinavuta maji kwa vipindi. Mzee, kwa kuyaonea uchungu maji na mtambo, alikuwa anaibana vali, akiamini anaipumzisha pampu. Kumbe pampu haipumziki hivyo. Imetengenezwa ipitishe maji kiasi chake, na ukiibana mno, maji hujizungusha tumboni bila pa kwenda, yanapata moto, na yanalisukuma gurudumu upande mmoja. Gurudumu linaisukuma shafti, shafti inaila beringi. Mkono wake mwenyewe wa huruma ndio uliokuwa unamwandalia fimbo.

Ningemwambiaje mkwe wangu kwamba yeye ndiye? Na kumwendea bwana mkubwa kulikuwa sawa na kumkabidhi kiboko. Nilirudi nyuma ya boila nikamweleza mtani, maana mtani hana mkwe wa kumwogopa, na aliyoyasema hayana kesi.

Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo sijapata kuliona tena. Kisha akaenda kwa mzee, mikono kiunoni.

"We mtumwa wangu! Nani alikufundisha kumkamua ng'ombe huku umemkaba koo? Bakuli la mkweo linaruka, tumbo la pampu linachemka, wewe umesimama unalibembeleza! Kijana wa watu anakuogopa, mimi sikuogopi. Ni mkono wako!"

Nilingoja jibu la matusi. Mzee aliligusa tumbo la pampu, akautoa mkono upesi. Akanitazama mimi, si mtani, kisha akaifungua vali polepole, akilitazama bakuli. Maji yalipotulia, akaacha. Haikuwa wazi kabisa. Ilikuwa pale ambapo pampu yenyewe iliridhika. Nikapiga alama kwa patasi.

Jumapili, siku isiyo na kazi, mzee hakuonekana nyumbani. Mke wangu alidhani baba yake amekimbilia milimani, akajifunga kanga kwenda kumtafuta. Tulimkuta kilimani, chini ya tangi, na jembe, pamoja na mama mkwe na wanawake watano wa kambini. Walikuwa wanachimba mfereji kutoka pale maji yanapofurika hadi kwenye viunga vyao vya mchicha. Sikujua nicheke au nilie. Alikuwa amekubali kuiacha vali wazi, lakini kumwaga maji bure, hilo hapana. Nikavua shati, nikashika jembe la pili, nikachimba mbali naye kidogo, kwa adabu.

Beringi ilikaa. Mchicha uliota. Kisha bwana mkubwa akaona mfereji.

Alishuka mtoni na kiboko chake, amewiva uso, akauliza ni nani anayeiba maji yake. Mkwe wangu akasogea mbele.

"Ni mimi, bwana. Hata beringi, zote mbili, niliziunguza mimi. Niliifunga vali."

Hakuna aliyemtuma kusema la beringi. Kiboko kiliinuka, na mimi, niliyekuwa nimeuma ulimi kwa majuma, nikajikuta nimesimama kati yao, bega langu limegusa kifua cha mkwe wangu, jambo la aibu kubwa.

"Bwana, weka mkono kwenye beringi kwanza," nilisema. "Ukiuona mfereji ule umekauka, ujue vali imebanwa na beringi inaungua. Ukizibwa, kiwanda kinasimama."

Alinitazama kama mtu aliyesemeshwa na mbwa. Lakini alikuwa mtu wa mashine kabla ya kuwa mtu wa kiboko. Akaweka mkono. Akauacha hapo muda mrefu. Kisha akaligusa tumbo la pampu, akalitazama bakuli langu, ambalo maji yake yalikuwa yametulia kabisa. Akasema mfereji ubaki, akapanda juu bila kutuangalia.

Mtani alikuwa wa kwanza kupumua. Alimwambia mzee kwamba mtumwa mjinga hivyo hauziki hata kwa kuku.

Mkwe wangu aliishi miaka mingi baada ya Mjerumani kuondoka. Hatukula sinia moja mpaka mwisho, wala hakunitajia siku ile hata mara moja. Alipofariki, mke wangu aliniambia baba yake aliacha neno: katika watakaomwosha, nami niwemo. Watu walishangaa, mkwe kumwosha mkwe.

Wengi wa rika lake niliowahi kuwaosha walikuwa na mistari ya kiboko mgongoni, imevimba, imepishana. Tulipomgeuza, mimi ndiye niliyeshika maji. Nikaweka mkono juu ya mgongo wake nikauacha hapo, kama nilivyozoea kwenye beringi. Ulikuwa laini, mzima, hauna alama hata moja.