Sahani ya Chuma Chini ya Birika la Mama

Mama alikubali kuhamia kwangu Mikumi kwa sharti moja: birika lake la kahawa lije naye, na lifanye kazi. Nilikubali haraka, kama mtu anavyokubali jambo ambalo hajalifikiria.

Birika hilo ni la alumini, vipande viwili vinavyokazwa kwa kuzungushwa. Maji hukaa chini, kahawa katikati, na maji yakipata moto mvuke huyasukuma yapite kwenye kahawa yapande juu. Alipewa na wahandisi wa barabara aliowapikia enzi za usichana wake. Kwake Kilosa alilitumia kwenye gesi, na gesi ndiyo iliyonitia hofu. Mara ya mwisho nilipomtembelea nilikuta mkono wa plastiki wa birika umeyeyuka upande mmoja. Alikuwa amefungulia gesi yote, moto ukapanda ubavuni, naye akatoka kumwagilia mchicha akasahau. Jirani ndiye aliyesikia harufu. Mama alisema mkono ule ulikuwa mbovu siku nyingi.

Kwangu kuna jiko la umeme la indaksheni, linalojizima lenyewe muda ukifika. Asubuhi ya kwanza nililiweka birika juu yake. Jiko likapiga mlio, likaandika alama ya kosa, likazima. Kumbe hupasha chombo kinachoshika sumaku tu, na alumini haishiki.

"Halinitaki," Mama alisema.

"Halilitaki birika, Mama."

"Ni yale yale."

Jumamosi nilikwenda Morogoro, nikanunua sahani nene ya chuma yenye mkono. Jiko huipasha sahani, na sahani hulipasha birika. Kesho yake niliweka moto wa juu kabisa, maana nilikuwa na haraka ya kuonekana nimeweza. Kwa muda hapakutokea kitu. Kisha kahawa ikaruka hadi ukutani. Nikazima, lakini birika likaendelea kukoroma na kutema mvuke, kwa sababu jiko lilikuwa limezimika na sahani bado ya moto.

Mama alionja. "Imeungua," akasema, akaimwaga kwenye sinki. Nilikasirika, na aibu ya kumkasirikia mama yangu kwa kikombe cha kahawa ikanizidishia hasira.

Wiki nzima nikafanya mazoezi kabla ya kwenda kufundisha. Niliweka maji yaliyokwisha kuchemshwa, yasifike kwenye valvu, kile kitundu cha ubavuni cha kupunguzia mvuke ukizidi. Kahawa niliisawazisha bila kuishindilia. Moto nikauacha chini. Sahani nikishamaliza niliifungia kabatini, Mama asije akaishika ikiwa bado na moto. Ijumaa kahawa ilitoka taratibu, nyeusi, kisha rangi ya asali. Nilimpelekea chumbani kwenye trei, nikasimama mlangoni nikingoja sifa.

Aliinywa yote.

"Ni nzuri," alisema. "Jumapili unirudishe Kilosa."

"Sasa kama ni nzuri, kuna nini tena?"

"Wageni ndio wanaopelekewa trei, mwanangu. Mimi sikuja hapa kutembea."

Iliniuma, hasa kwa kuwa ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwangu.

Jumamosi niliiacha sahani juu ya jiko, nikaketi mezani na madaftari ya wanafunzi. Mama alikuja na kitenge chake cha asubuhi. Nilimwamkia, akaitika marahaba bila kugeuka. Nikamwonyesha kitufe cha kupunguza moto na kitufe cha muda, kisha nikarudi kwenye madaftari. Nilisahihisha swali moja mara tatu.

Alipitisha kiganja juu ya sahani bila kuigusa.

"Wahandisi walikuwa na jiko la umeme la koili," alisema. "Ukilizima, bado linapika. Na hii ni hivyo hivyo. Wewe unaifanya kama gesi."

Kahawa ilipoanza kutoka, alisogeza kiti, akaketi mbele ya birika kifuniko kikiwa wazi. Ilipofika nusu akazima jiko. Nilitaka kumwambia ni mapema, nikainamia daftari. Kahawa iliendelea kupanda kwa moto uliobaki kwenye sahani. Ilipogeuka rangi ya asali, kabla birika halijakoroma, alilinyanyua kwa kitambaa, akaliweka juu ya taulo bichi. Likatulia.

Alimimina vikombe viwili. Changu kilikuwa kitamu kuliko chochote nilichopika wiki ile, nami nikamwambia hivyo. Alikuwa akiitazama sahani.

"Ukae nayo mbali hadi ipoe," aliniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyeletwa pale.

Nikamuuliza kuhusu safari ya Jumapili.

"Tutakwenda," alisema. "Nina kinu changu kule, nataka kukichukua. Na ule mtungi wa gesi nitampa jirani."